Njia tatu za kuagiza ikoni za isometriki, na ipi inaishika seti nzima

"Mwanangu, hili lori mbona kama linataka kutumbukia?"

Katibu wa chama cha wakulima wa zabibu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa programu ya usanifu, aliweka kidole kwenye kioo cha simu yangu. Tulikuwa tumekaa kivulini nje ya ofisi yao, upande wa Hombolo, namwonyesha ikoni tisa za tovuti yao mpya. Nyumbani nilikuwa nimezipitia mpaka macho yakachoka, nikaziona sawa: rangi zilezile, udongo uleule, kigae kilekile chini ya kila kitu. Yeye hakuhitaji hata dakika. Lori lilikuwa limetazamwa kutoka juu zaidi kuliko kreti lililokaa jirani yake.

Ikoni zile nilizitengeneza kwa modeli ya picha, yaani akili mnemba inayochora kutokana na maandishi, kila moja kwa agizo lake. Baada ya siku ile nilizirudia kwa njia nyingine mbili, kwa kazi ileile na vitu vilevile tisa, nikapata nafasi nzuri ya kuziweka njia tatu ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni kiolezo: agizo moja lisilobadilika, unabadilisha jina la kitu tu. Ya pili ni karatasi moja: ikoni zote zinaagizwa ndani ya picha moja, kisha zinakatwa. Ya tatu ni picha ya rejea: unaipa modeli ikoni iliyokwisha kukubalika na kuiambia ifuate hiyo.

Kinachovunja seti

Wengi tukiona ikoni hazifanani tunakimbilia kuongeza maneno ya mtindo: laini zaidi, ya kisasa zaidi, inayong'aa. Mara nyingi kosa haliko huko. Seti inavunjwa na mambo matatu: pembe ya kutazama, upande wa mwanga, na kile kitu kinachosimama juu yake. Na pembe ndiyo mkorofi kuliko yote.

Mchoro wa isometriki una sheria moja kubwa: mistari iliyo sambamba inabaki sambamba. Ukisimama stesheni ukaitazama reli ya SGR, pau mbili zinaonekana kukutana mbele. Kwenye isometriki hazikutani kamwe. Kingo za mbele za kisanduku zinapanda kwa nyuzi 30 kulia na kushoto, na pande tatu zinazoonekana (juu, kushoto na kulia) zinaonekana kwa kiasi sawa. Ndiyo maana ikoni za namna hii zinaweza kupangwa popote kwenye ukurasa bila moja kuonekana iko mbali na nyingine.

Modeli ya picha, hata hivyo, haina kipimapembe ndani yake. Neno `isometric` linaipeleka kwenye picha ilizojifunza zenye jina hilo, na picha hizo nyingine ni isometriki halisi, nyingine ni mchoro wa michezo ya zamani wenye mteremko wa chini kidogo, nyingine ni picha tu iliyopigwa kutoka juu. Ukiongeza maneno kama `cinematic` au `depth of field`, umeiita kamera ya kawaida, na reli inaanza kukutana tena.

Namna ya kupima ni rahisi. Fungua ikoni kwenye programu yoyote ya picha, tafuta kona ya mbele ya kigae, kisha fuata ukingo wake kuelekea kona ya pembeni. Kwa kila pikseli 100 unazokwenda kando, unapaswa kupanda takriban pikseli 58. Ukipata 50, ni ule mteremko wa michezo ya zamani, na si vibaya mradi zote ziwe hivyo. Ukipata 70, kamera imepanda juu. Kreti langu lilikuwa na 57. Lori lilikuwa na 71. Mama alikuwa sahihi.

Njia ya kwanza: kiolezo

Maagizo nayaandika kwa Kiingereza, kwa sababu modeli nyingi za picha zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya lugha hiyo. Kiolezo changu kilikuwa hiki:

```
isometric icon of [SUBJECT], orthographic view from above,
standing on a square cream base tile,
matte clay, soft rounded edges,
deep purple and leaf green, one yellow accent,
light from upper left, plain grey background
```

Mstari wa kwanza unataja kitu na kamera. `orthographic` ndilo neno linaloikataza mistari kukutana, kwa hiyo nalikalisha mapema. Wa pili unaleta kigae cha mraba, na hicho nakithamini kuliko maneno yote ya mtindo. Zabibu ni mviringo, tone la maji ni mviringo; kitu kisicho na kona hakina namna ya kuonyesha pembe yake. Ukikiweka juu ya kigae, kigae kinaonyesha pembe kwa niaba yake, nawe unapata ukingo wa kupima. Mstari wa tatu ni mali ghafi: udongo wa kufinyanga usiong'aa. Wa nne ni rangi. Usijisumbue kuandika namba za rangi kama `#5B2A6E`. Modeli hizi hazizifuati kwa usahihi. Taja rangi kwa jina, halafu sahihisha zote kwa pamoja mwishoni.

Mstari wa mwisho nimeujifunza kwa hasara. Mwanzoni nilitaka usuli mweupe. Nilipoondoa usuli kwa programu, ilishindwa kutofautisha nyeupe na rangi ya maziwa ya kigae, ikala kingo za vigae vinne kama panya aliyeingia ghalani. Kijivu kilitatua jambo hilo.

Uzuri wa kiolezo ni kwamba hakidai chochote zaidi ya maandishi. Unaweza kukitunza kwenye noti ya simu, ukampa mwenzako, ukahama kutoka zana moja hadi nyingine. Na kinakupa uhuru wa kukaa na kitu kimoja mpaka kitoke. Hapo nilihitaji uhuru huo, maana modeli ina picha yake ya dunia. Nilipoandika `scale` nilipata mzani wa bafuni. Mizani ya kupimia zabibu shambani ni jukwaa la chuma lenye nguzo, kwa hiyo ikawa `platform weighing scale with a post`. Nilipotaka ikoni ya mafunzo nikaandika `school`, ikaja nyumba ya matofali mekundu yenye kengele juu, ambayo hakuna mwanachama wa Hombolo angeitambua. Ikawa `blackboard on a stand and a wooden bench`. Ya malipo ilileta alama ya dola juu ya sarafu. Midjourney ina kigezo cha `--no` cha kutaja usichotaka, lakini kwenye zana zinazosoma sentensi tu, kuandika kwamba hutaki dola kunaweza kukawa ndiko kuiita. Nikaandika `blank coin next to a mobile phone`, yaani sarafu isiyo na kitu juu yake, na dola ikaondoka.

Ubaya wa kiolezo ndio ule aliouona mama. Kila agizo ni safari mpya. Maneno ni yaleyale, lakini jina la kitu linavuta kila kitu kingine pamoja nalo. Malori kwenye picha za mafunzo yametazamwa kwa namna fulani, simu kwa namna nyingine, na jina linashinda sentensi nzima ya kamera. Wapo wanaosema dawa ni kushikilia namba ya mbegu, ile `--seed`. Namba hiyo inarudisha picha inayokaribiana ukirudia agizo lilelile. Ukishabadilisha kitu, makubaliano yale yanavunjika, na kamera iko huru tena. Nimejaribu; usitegemee hapo.

Njia ya pili: karatasi moja

Hapa unaagiza seti yote kwa mkupuo:

```
3x3 grid of nine isometric icons, one matching set,
orthographic, equal spacing, each on its own cream base tile:
vine row, crate of grapes, platform weighing scale,
cold store, small truck, phone with blank coin,
drip irrigation hose, blackboard with bench, speech bubble
```

Maneno ya udongo, rangi, mwanga na usuli yanafuata kama kwenye kiolezo.

Tofauti ilikuwa kubwa tangu jaribio la kwanza. Picha moja inatengenezwa kwa wakati mmoja, na sehemu zake zinatazamana wakati inajengwa. Zambarau ya kona hii ni zambarau ya kona ile, upande wa kulia wa kila kitu uko gizani, unene wa vigae unalingana. Haya ndiyo mambo ambayo kwenye kiolezo nilikuwa nayabembeleza moja baada ya jingine.

Lakini karatasi ina magonjwa yake. La kwanza ni hesabu: unaagiza tisa, unapata nane, au kumi na mbili zenye kreti mbili. La pili ni kuambukizana. Katika karatasi yangu ya kwanza vishada vya zabibu viliota juu ya ghala la baridi, na bomba la matone likapata majani ya mzabibu. Kadiri kitu kimoja kilivyo na sura ya nguvu, ndivyo kinavyovuja kwa majirani. Nilipunguza kwa kusema `plain` mbele ya ghala na kwa kuitoa `vine row` mwanzoni mwa orodha.

La tatu ni la hila, na ndilo ninalotaka ulikague kabla hujashangilia. Wakati mwingine modeli inachora karatasi kana kwamba ni meza iliyopangwa vitu na wewe umesimama mbele yake. Safu ya chini iko karibu nawe, unaitazama kutoka juu zaidi. Safu ya juu iko mbali, unaiona kwa ubavu. Kwa macho picha inapendeza. Ukizikata na kuzipanga upya kwenye tovuti, zinakataa kukaa pamoja. Kwa hiyo pima kigae kimoja cha safu ya juu na kimoja cha safu ya chini kwa hesabu ile ya 100 na 58. Kama kimoja kina 52 na kingine 66, tupa karatasi nzima, usianze kuirekebisha.

Kuna pia suala la ukubwa. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 ikigawanywa mara tisa inampa kila mmoja kama 341, na ukitoa nafasi ya pembeni kitu chenyewe kinabaki na 260 hivi. Kwa ikoni itakayoonekana kwa pikseli 96 inatosha, hata kwenye simu zenye kioo kinachohitaji mara mbili yake, yaani 192. Ukiweka kumi na sita kwenye karatasi hiyohiyo, kila chumba kina 256, na kitu chenyewe kitakuwa chini ya hapo; karibu na mpaka. Mimi sivuki tisa.

Na bando? Karatasi inashinda waziwazi. Jaribio moja linakupa tisa za kuhukumu, wakati kiolezo kinakutoza kwa kila kitu na kwa kila kurudia.

Njia ya tatu: picha ya rejea

Mwezi mmoja baadaye katibu alipiga simu. Wanachama wengine wanalima alizeti pia, na wanataka sehemu ya bei za soko. Ikoni mbili zaidi. Hapo karatasi yangu nzuri ikawa haina msaada, kwa sababu ukiagiza karatasi mpya yenye ikoni kumi na moja unapata seti mpya kabisa, si nyongeza ya ile ya zamani.

Njia ya rejea ndipo inapopata kazi yake. Kwenye Midjourney unaweka anwani ya picha baada ya `--sref`, na `--sw` inaamua nguvu ya rejea, kuanzia 0 hadi 1000, ambapo 100 ndiyo ya kawaida:

```
isometric icon of a sunflower head, orthographic view from above,
standing on a square cream base tile --sref URL --sw 200 --ar 1:1
```

Rejea ya aina hii inabeba rangi, mali ghafi na hali ya mwanga. Pembe haiibebi kwa uhakika, ndiyo maana maneno ya kamera na kigae yanabaki kwenye agizo. Zana nyingine zinakubali picha pamoja na maelekezo ya kuihariri, na kwa kazi hii nazipenda zaidi. Unampa ikoni ya kreti na kusema:

```
Replace the crate with a sunflower head.
Keep the base tile, camera angle, light and colors unchanged.
```

Kigae hakihami, kwa hiyo pembe haihami. Alizeti langu la kwanza kwa njia hii lilipimwa 58 palepale.

Swali kubwa la njia hii ni ikoni ipi iwe rejea. Mkono unakimbilia ile nzuri kuliko zote, na kwangu ilikuwa mstari wa mizabibu wenye vishada. Nilipoitumia, alizeti lilitoka na mbegu za mviringo za zambarau, kubwa kama zabibu. Rejea nzuri ni ikoni isiyo na mbwembwe: kisanduku, kreti, ghala. Ina nyuso tatu bapa zinazoonyesha mwanga wazi, ina kona, na haina sura ya kipekee ya kuvujisha kwa wengine.

Jambo jingine: usiunganishe mnyororo. Ukitengeneza alizeti kwa rejea ya kreti, halafu soko kwa rejea ya alizeti, halafu kingine kwa rejea ya soko, unafanya kama mtu anayetoa fotokopi ya fotokopi. Kigae kinanenepa kidogo, njano inakolea kidogo, na kufikia ya tano huwezi kusema kosa lilianzia wapi. Kila ikoni mpya irudi kwa kreti lilelile la kwanza. Mimi nimelihifadhi kwa jina `rejea-kreti.png` kwenye folda ya mradi, na halifutwi.

Zikiwekwa pamoja

| | Kiolezo | Karatasi moja | Picha ya rejea |
|---|---|---|---|
| Pembe | Inayumba kwa kila kitu | Sawa, kama karatasi haikuchorwa kama meza | Imara ukihariri juu ya kigae kilekile |
| Rangi na mwanga | Vinakaribiana | Bora kuliko zote | Vizuri, mradi usiunge mnyororo |
| Kurekebisha ikoni moja | Rahisi | Vigumu | Rahisi |
| Kuongeza baadaye | Inawezekana, kwa kubahatisha | Haiwezekani | Ndiyo kazi yake |
| Majaribio | Mengi | Machache | Wastani |

Kama una ikoni tatu au nne za ukurasa mmoja na hutarajii nyingine, kiolezo kinatosha. Zitaonekana mbalimbali kwenye ukurasa na jicho halitazilinganisha sana. Kama seti imefungwa, sita hadi tisa, zitakaa mstari mmoja, na mteja amesaini orodha, nenda kwenye karatasi. Wateja wangu wa Dodoma hawasaini orodha. Kila tovuti niliyoijenga imeongezewa sehemu baada ya kuzinduliwa, kwa hiyo siku hizi naanza na karatasi, nakata kisanduku kilichotulia kuliko vyote, na hicho kinakuwa rejea ya kila kitakachofuata. Kiolezo sikiachi, kinabaki kuwa maneno yanayoandamana na rejea.

Na kama pembe lazima iwe kamili, tuseme ikoni zitaunganishwa ziwe ramani moja, vigae vikigusana ukingo kwa ukingo, hakuna kati ya njia hizi itakayokutosha. Tofauti ya pikseli mbili itaonekana kama ufa. Hapo fungua Blender, programu ya kujenga vitu vya 3D, weka kamera kwenye `Orthographic`, mzunguko wa X uwe 54.736 na wa Z uwe 45, ujenge vitu kwa mkono. Inachukua siku badala ya saa, lakini pembe haitakudanganya.

Njia yoyote utakayochagua, kivuli kinachoanguka nje ya kigae usiiachie modeli. Kila picha itakitupa kwa urefu wake, na programu ya kuondoa usuli itakikata nusu. Agiza `no cast shadow`, au kifute, halafu uiachie tovuti yenyewe:

```css
.ikoni {
  width: 96px;
  filter: drop-shadow(0 4px 6px rgba(0,0,0,.18));
}
```

`drop-shadow` inafuata umbo la ikoni yenyewe, si mstatili wa picha, kwa hiyo kumi na moja zote zinapata kivuli kimoja. Kabla ya kuzipakia nazigeuza zote kuwa nyeusi na nyeupe na kuzipanga mstari mmoja. Rangi ikiondoka, mwanga unabaki peke yake, na ile ambayo upande wake wa kulia si wa giza inajitokeza mara moja. Kwangu ilikuwa ubao wa mafunzo: mweusi pande zote, hauonyeshi mwanga popote. Nikaubadilisha kuwa wa kijani.

Lori nilihariri upya juu ya kigae cha kreti. Nilimtumia katibu picha kwa WhatsApp, lori na kreti kando kwa kando, bila maelezo. Alijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia watu wanapakia: "Sasa limesimama. Ila mwanangu, zabibu zetu hatubebi na lori la hivyo, tunabeba na Kanta. Unaweza kulibadilisha?"